Ukuta wa mita 4.8 unataka ngazi ya mita ngapi?

Swali hili huulizwa mara nyingi na vijana ninaofanya nao kazi za rangi na paa, na wenye nyumba pia huniuliza wakitaka kununua ngazi yao. "Fundi, ukuta una mita 4.8. Nichukue ngazi ya mita ngapi?" Huwa siwajibu moja kwa moja. Kwanza nauliza: ukishafika juu utafanya nini? Ukuta huohuo mmoja unaweza kutaka ngazi ya mita 4.5 au ya mita 6, na mwenye kuchanganya hizo mbili yuko hatarini hata kama ngazi yake ni mpya na imara.

Nianze na pembe, maana urefu wote unazaliwa hapo. Ngazi ya kuegemea hukaa salama ikiwa imesimama kwenye nyuzi 75 hadi 76 hivi kutoka ardhini. Hakuna anayebeba kipima pembe kwenda nacho kazini, kwa hiyo mafundi tunatumia uwiano wa nne kwa moja: kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu ya ngazi inasogea mita moja nje. Mahali ngazi inapoegemea pakiwa mita 4.8 juu, gawa kwa nne upate mita 1.2. Hapo ndipo miguu inapokaa.

Sasa una pembetatu mraba. Upande mmoja ni mita 4.8, wa pili ni mita 1.2, na ngazi ndiyo upande mrefu unaoziba. Kwa kanuni ya Pythagoras, 4.8 kipeo cha pili ni 23.04, na 1.2 kipeo cha pili ni 1.44. Jumla ni 24.48, na kipeuo chake cha pili ni karibu 4.95. Ukirudia hesabu hii kwa kimo chochote, mradi uwiano ubaki nne kwa moja, utakuta jibu ni kimo mara 1.03. Kwa hiyo kazini sihitaji kipeuo cha pili. Nachukua kimo, naongeza asilimia tatu, basi.

Wengi huishia hapo na kusema ngazi ya mita 5 inatosha. Inatosha kugusa ukingo wa paa, lakini haitoshi kupanda juu yake. Mtu anayehama kutoka kwenye ngazi kwenda juu ya paa anahitaji kitu cha kushika wakati mguu mmoja uko kwenye kipago na mwingine uko kwenye paa. Kwa sababu hiyo ngazi inapaswa kupita ukingo kwa mita 1 hivi, yaani vipago vitatu. Ile ya mita 5, ikikaa kwenye pembe sahihi, ncha yake inafika mita 4.85. Inapita ukingo kwa sentimita tano. Anayepanda analazimika kusimama kwenye kipago cha mwisho kabisa huku mikono yake haina pa kushika isipokuwa bati lenyewe, na wakati wa kushuka anakitafuta kwa mguu kile kipago ambacho hakioni. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa miaka bila kuanguka. Sijawahi kukubali lifanyike kwenye kazi ninayoisimamia.

Basi kwa kupanda juu ya paa, kimo cha kuhesabu ni 4.8 jumlisha 1, yaani 5.8. Mara 1.03 inakuja 5.97. Ngazi ya mita 6. Angalia kwamba miguu haisogei kwa ajili ya ile mita ya juu. Umbali wa chini unahesabiwa hadi pale ngazi inapoegemea, si hadi kwenye ncha yake, kwa hiyo unabaki mita 1.2.

Kazi ya kupaka rangi ni habari nyingine. Hapo huhami kutoka kwenye ngazi, unasimama juu yake na kufanya kazi mbele ya kifua chako. Kwenye ngazi ya kuegemea vipago vitatu vya juu si vya kusimamia, ni vya kushika na kuegemeza magoti. Mahali pa mwisho pa kuweka miguu yako ni kipago cha nne kutoka juu, ambacho huwa kama mita moja chini ya ncha. Kutoka miguuni mwako mkono wenye brashi unafanya kazi vizuri hadi mita 1.5 hivi bila kujinyoosha. Kwa hiyo ncha ya ngazi ikiwa mita 4.3, miguu yako iko mita 3.3, na brashi inafika mita 4.8. Mita 4.3 mara 1.03 ni 4.43. Ngazi ya mita 4.5 inamaliza kazi, na miguu yake inakaa sentimita 108 kutoka ukutani. Tofauti ya mita moja na nusu ya ngazi, kwa ukuta uleule.

Mtu anaweza kusema: basi ninunue ya mita 6, itafanya zote mbili. Hapa ndipo palinifundisha zaidi ya mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tulikuwa tunapaka rangi ndani ya ukumbi. Kuta mita 4.8 hadi dari, sakafu ya zege iliyosuguliwa laini, na vumbi la plasta lilikuwa limetanda kila mahali. Kijana mmoja alileta ngazi ya mita 6, ileile tuliyotumia nje kupandia paa siku iliyotangulia. Nje ilikaa vizuri kwa sababu mita ya juu ilipita ukingo na kubaki hewani. Ndani kuna dari. Ngazi haina pa kupita, kwa hiyo ncha inagota pale dari inapokutana na ukuta, na miguu inalazimika kurudi nyuma hadi nafasi itoshe. Ilirudi mita 3.6. Hesabu yake ni rahisi kuikagua: 3.6, 4.8 na 6 ni pembetatu ya tatu, nne na tano iliyokuzwa. Pembe yake ni nyuzi 53.

Kijana alipanda vipago vitatu, akaitikisa ngazi, akaniambia, "Fundi, imeshika kabisa." Na kweli ilikuwa imeshika. Akaendelea kupanda. Alipofika kama theluthi mbili ya njia miguu ya ngazi ikateleza kiasi cha kiganja, ikasimama kwenye ukingo wa turubai lililokunjwa. Alishuka mwenyewe, mzima, ametoka jasho. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: mbona ilikuwa imara pale chini?

Jibu liko kwenye jinsi uzito unavyogeuka kuwa msukumo. Ukuta laini unaisukuma ngazi kwa mlalo tu, na sakafu ndiyo inayobeba uzito wote kwa wima. Ili ngazi isiteleze, msuguano wa miguu yake na sakafu lazima uukabili ule msukumo wa mlalo wa ukuta. Mbali na uzito wenyewe, msukumo huo unategemea vitu viwili: umbali wa miguu ukigawanywa kwa kimo, na sehemu ya ngazi uliyoipanda. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyoongezeka, ingawa uzito wako haujabadilika hata gramu.

Mchukue mtu wa kilo 80 kwenye ngazi ya kilo 15. Ngazi ya mita 6 ikikaa kwa 3.6 na 4.8, uwiano ni 0.75. Akiwa amepanda mita moja, msukumo wa mlalo unaotokana naye ni 80 mara moja ya sita mara 0.75, yaani uzito wa kilo 10. Ongeza sehemu ya ngazi yenyewe, ambayo inahesabiwa nusu kwa sababu uzito wake uko katikati: 7.5 mara 0.75, kama kilo 5.6. Jumla kilo 16 hivi. Sakafu ya vumbi inaweza kuimudu. Akifika mita ya tano, sehemu yake inakuwa 80 mara tano ya sita mara 0.75, yaani kilo 50, na pamoja na ngazi ni karibu kilo 56. Sakafu ni ileile, vumbi ni lilelile, miguu ya mpira ni ileile, lakini sasa inadaiwa zaidi ya mara tatu ya ilichodaiwa wakati kijana anaitikisa.

Kwenye pembe sahihi, uwiano ukiwa 0.25, mtu huyohuyo akiwa mita ya tano anasukuma kilo 17 tu, na pamoja na ngazi hazifiki 19. Yaani ukiwa juu kabisa kwenye ngazi iliyokaa vizuri, miguu inadaiwa karibu sawa na ilichodaiwa ile ya ukumbini kijana alipokuwa kwenye vipago vya mwanzo. Tangu siku ile siamini tena jaribio la kutikisa ngazi ukiwa chini. Linakuonyesha kama ngazi inayumba kwa upande, na halikuambii lolote kuhusu kuteleza.

Tulitumia ngazi ya mita 4.5. Ukumbi ukaisha kwa amani.

Kuna jambo lingine ambalo jicho haliwezi kulikamata. Chukua ngazi ya mita 6 iliyokaa kwenye nyuzi 76 dhidi ya ukuta mrefu. Miguu iko mita 1.45 kutoka ukutani, ncha iko mita 5.82. Sasa ilaze hadi nyuzi 70. Miguu inakwenda mita 2.05, na ncha inashuka hadi 5.64. Umepoteza sentimita 18 tu za kimo, na kwa macho ngazi inaonekana ileile. Lakini uwiano umetoka 0.25 hadi 0.36, msukumo umeongezeka karibu kwa nusu. Kwa hiyo ukiona ngazi "inafika" usidhani umepata jibu. Kufika ni sehemu rahisi ya hesabu. Pima chini.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mwenye ngazi fupi huisimamisha wima ili aipe kimo. Hapo haitelezi, ila mwili wa mpandaji unakuwa nyuma ya miguu ya ngazi, na akivuta kitu au akirudisha mabega nyuma kidogo, ngazi nzima inaachana na ukuta. Kuteleza humwacha mtu nafasi ndogo ya kushuka pamoja na ngazi akiwa ameikumbatia. Kuanguka kinyumenyume hakumwachii nafasi yoyote.

Usimamishaji wa wima mara nyingi hauletwi na ngazi fupi, unaletwa na upenu. Hili watu hawalioni kwa sababu wanapima kutoka ukutani. Ile nyumba ya mita 4.8 hadi ukingo wa paa, tuseme upenu wake umetokeza sentimita 60. Ngazi haiegemei ukuta, inaegemea ukingo wa upenu. Fundi anapima mita 1.2 kutoka ukutani kama alivyofundishwa, anaweka miguu pale. Kumbe kutoka chini ya ukingo hadi miguuni kuna sentimita 60 tu. Uwiano umekuwa nane kwa moja, pembe imefika karibu nyuzi 83. Dawa yake ni timazi: shusha uzi kutoka kwenye ukingo, au simama chini yake utazame juu, weka alama ardhini, kisha pima mita 1.2 kutoka kwenye alama hiyo. Kutoka ukutani itakuwa mita 1.8, na ndivyo inavyotakiwa. Urefu wa ngazi haubadiliki. Ila kama ukingo una gata la plastiki, usiegemeze ngazi juu yake. Litapinda au litapasuka, na plastiki laini huiruhusu ngazi ihame kwa upande. Tumia kishikilio cha kuitenga ngazi na ukuta, kinachoegemea sehemu imara, na uhesabu kimo hadi pale kinapogusa.

Ardhi yenye mteremko inakula ngazi kuliko watu wanavyodhani. Kimo kinachohesabiwa kinaanzia pale miguu ya ngazi itakaposimama, si chini ya ukuta. Ardhi ikishuka sentimita 30 kutoka ukutani hadi pale, kimo chako cha kuegemea si 4.8 tena, ni 5.1. Miguu inahitaji kwenda mita 1.28. Ukiongeza ile mita ya kushikia unapata 6.1, mara 1.03 ni karibu 6.3. Ngazi ya mita 6 iliyokuwa jibu sahihi kwenye ardhi tambarare sasa inapita ukingo kwa sentimita 72 tu. Mteremko wa upande, yaani mguu mmoja chini na mwingine juu, usiuzibe kwa tofali. Chimba kidogo chini ya mguu wa juu hadi miguu yote ilingane.

Kupima kimo bila kuwa na ngazi si kazi ngumu ikiwa ukuta ni wa matofali yasiyopigwa plasta. Napima kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, pamoja na saruji ya kiungo chake, au bora zaidi napima kozi tano na kugawa, kisha nahesabu kozi hadi juu. Tofali la sentimita 19 lenye kiungo cha sentimita moja linatoa kozi ya sentimita 20, na kozi 24 ni mita 4.8. Ukuta uliopigwa plasta, nasimamisha ubao wa mita 2 wima juani, napima kivuli chake na kivuli cha ukuta kwa wakati uleule kwenye ardhi tambarare. Kivuli cha ukuta gawa kwa kivuli cha ubao, zidisha kwa 2. Upenu huvuruga njia hii kwa sababu kivuli unachokipima ni cha ukingo, kwa hiyo kipime kutoka chini ya ukingo.

Ukishajua kimo na ngazi iko mkononi, vipago vyenyewe vinakuwa tepu yako. Vikiwa na nafasi ya sentimita 30, hesabu vipago kutoka chini hadi pale ngazi inapoegemea, gawa kwa nne. Kwenye mfano wetu sehemu ya chini ya ukingo ina vipago 16 na kidogo. Robo yake ni vinne, yaani sentimita 120. Hapa nagawa urefu wa ngazi badala ya kimo cha ukuta, na tofauti kati ya njia hizi mbili haifiki hata digrii moja, kwa hiyo tumia iliyo rahisi kwako. Kisha hakikisha kwa mwili: weka vidole vya miguu vikigusa miguu ya ngazi, simama wima, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikikamata kipago bila kuinama wala kukunja viwiko, uko karibu na pembe sahihi. Ukilazimika kuinama mbele, ngazi imelala mno. Viwiko vikikunjika, imesimama mno. Hii ni njia ya kukagua, kwa kupimia nakushauri tepu.

Mwisho niseme juu ya ngazi za kuvuta, kwa kuwa ndizo wengi hununua. Ngazi ya vipande viwili vya mita 3.5 kila kimoja mara nyingine huitwa ya mita 7, na mnunuzi anafanya hesabu zake kwa 7. Vipande hivyo lazima vipandane katikati. Kwa urefu huu nataka vipago vitatu vipandane, kama sentimita 90, au zaidi kama lebo ya ngazi inaagiza. Zinabaki mita 6.1 za kutumia, ambazo zinautosha ule ukuta wetu kwa kupanda paa, na ndani ya ukumbi unairudisha hadi mita 4.5. Vipande viwili vya mita 3 vinaitwa 6 lakini vinatoa 5.1, na hivyo havifai kupandia paa lile. Kabla ya kulipa, ivute hadi alama ya mwisho inayoruhusiwa, ilaze chini, na uipime kwa tepu kutoka mguu hadi ncha. Namba utakayoisoma hapo ndiyo ya kuingiza kwenye hesabu.